Mchemraba uliotobolewa tundu la mraba: kwa nini eneo linaongezeka

Swali: "Mchemraba wa mbao una ukingo wa sentimita 6. Umetobolewa tundu la mraba lenye upande wa sentimita 2, kutoka katikati ya uso wa juu hadi uso wa chini. Nimepata eneo 208, mwenzangu kapata 264, kitabu kinasema 256. Mbao imepunguzwa, sasa eneo linaongezekaje? Na kama tundu lisingekuwa katikati, jibu lingebadilika?"

Kitabu kiko sahihi, ni sentimita za mraba 256. Wewe umeondoa bila kuongeza, mwenzako ameongeza bila kuondoa. Ukichukua ulichoondoa wewe na alichoongeza yeye, ukaviweka katika hesabu moja, utafika kwenye jibu la kitabu.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Eneo linaloulizwa ni la ngozi ya mchemraba, yaani kila mahali ambapo mbao inakutana na hewa. Fikiria mchemraba umetumbukizwa wote kwenye ndoo ya rangi kisha ukatolewa. Kila palipopata rangi panahesabika. Kuta za ndani ya tundu nazo zinapata rangi, kwa hiyo zinahesabika sawasawa na nyuso za nje.

Ujazo ni hesabu nyingine kabisa. Kwenye ujazo ukitoboa unapunguza tu: mchemraba ulikuwa na sentimita za ujazo 216, tundu limeondoa 2 × 2 × 6 = 24, zimebaki 192. Wengi huchukua fikra hiyo ya kupunguza na kuihamishia kwenye eneo. Mchemraba wa sentimita 6 unachangia mkanganyiko huu kwa namna ya pekee, kwa sababu eneo lake kabla ya kutobolewa ni 6 × 36 = 216, na ujazo wake ni 6 × 6 × 6 = 216. Namba ni moja, lakini moja ni sentimita za mraba na nyingine ni sentimita za ujazo. Hakuna ukingo mwingine wowote unaoleta namba hizi sawa. Kila unapoandika 216 kwenye swali hili, andika na kipimo chake pembeni, la sivyo katikati ya hesabu utajikuta unatoa 24 kutoka kwenye eneo.

Sasa tutoboe polepole, sentimita moja baada ya nyingine, tuone ngozi inafanya nini njiani. Hapa ndipo fumbo lako linapofunguka.

Kabla ya kuanza, eneo ni 216. Toboa sentimita 1 kwenda chini. Uso wa juu umepoteza kipande cha mraba cha 2 × 2, yaani 4. Lakini shimo lina sakafu, na sakafu hiyo ni mraba ule ule wa 2 × 2, umeshuka tu sentimita moja. Kilichopotea juu kimerudi chini, hakuna hasara. Kilichozidi ni kuta nne za shimo, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 2 na kimo cha sentimita 1. Hizo ni 4 × 2 × 1 = 8, na eneo limefika 224.

Ongeza sentimita moja nyingine ya kina. Sakafu imeshuka tena bila kubadilika ukubwa, kuta zimerefuka kwa sentimita 1, eneo limefika 232. Mwendo ni huo huo: kila sentimita ya kina inaongeza sentimita za mraba 8. Kina cha 3 kinatoa 240, cha 4 kinatoa 248, na cha 5 kinatoa 256. Ukiendelea mpaka ibaki ngozi nyembamba sana ya mbao chini, eneo linakaribia 216 + 48 = 264.

Kisha ile ngozi nyembamba inatoboka, na hapo eneo linashuka ghafla. Sakafu ya shimo, yenye 4, imetoweka. Upande wa chini wa ngozi ile, ambao ulikuwa sehemu ya uso wa chini wa mchemraba na wenye 4 pia, umetoweka nao. Zimeondoka 8 kwa mara moja, na 264 imekuwa 256.

Kwa hiyo 264 ya mwenzako haikutoka hewani. Ndiyo namba ambayo shimo linaikaribia likiwa bado halijatoboka upande wa pili. Alihesabu kuta nne kwa urefu wake wote, 4 × 2 × 6 = 48, akaziongeza kwenye 216, akasahau kwamba tundu lililopita kabisa limeacha midomo miwili wazi, mmoja juu na mmoja chini. Kosa hili lina njia nyingine iliyofichika zaidi. Mtu anaondoa midomo miwili vizuri, anapata 208, halafu anahesabu tundu kama mchemstatili kamili wenye nyuso sita: kuta nne za 12 pamoja na miraba miwili ya 4, jumla 56. Anajumlisha, na anapata 264 ile ile. Ameirudisha midomo aliyokwisha kuiondoa. Tundu lililopita moja kwa moja lina kuta nne tu. Juu halina kifuniko, chini halina sakafu.

Namba 208 yako inaonyesha kwamba ulifika nusu ya njia: 216 toa 8. Kosa hilo si la kuzidisha wala kutoa, ni la kusahau kwamba mbao ikikatwa inafunua mbao iliyokuwa imefichika ndani. Yapo majibu mengine mawili ambayo yakitokea kwenye daftari yanajieleza yenyewe. Ukiona 260, mtu ameondoa mdomo mmoja badala ya miwili. Ukiona 224, amehesabu kuta za ndani kama miraba ya 2 × 2 kwa sababu tundu linaitwa "la mraba". Mraba ni umbo la mdomo. Ukuta ni mstatili ambao upana wake ni upande wa tundu na urefu wake ni ukingo mzima wa mchemraba, 2 × 6.

Ndiyo maana eneo linaongezeka. Midomo miwili ina jumla ya 8, kuta nne zina jumla ya 48. Ukuta mmoja peke yake, wenye 12, unazidi midomo yote miwili. Tofauti ni 40, na 216 + 40 = 256.

Kama unataka kuthibitisha bila kutumia 216 kabisa, ukunjue mchemraba. Nyuso nne za pembeni zikikunjuliwa zinakuwa mstatili mmoja wa urefu 24 na kimo 6, eneo 144. Kuta nne za ndani zikikunjuliwa zinakuwa mstatili wa 8 kwa 6, eneo 48. Zimebaki nyuso mbili zenye tundu, juu na chini, kila moja ikiwa fremu ya 36 − 4 = 32, jumla 64. Sasa 144 + 48 + 64 = 256. Njia hii ni nzuri kwa mtihani kwa sababu haina kuondoa na kurudisha; unahesabu tu vipande unavyoviona, kumi kwa jumla: vinne vya nje, vinne vya ndani, fremu mbili. Ukihesabu vipande ukapata namba tofauti na kumi, simama hapo hapo kabla ya kuzidisha chochote.

Kwa ukingo wowote a na upande wowote wa tundu b, hesabu ile ile inaandikwa hivi:

```
S = 6a² − 2b² + 4ab
```

Nyongeza ni 4ab − 2b², ambayo ni sawa na 2b(2a − b). Kwa kuwa tundu lazima liwe dogo kuliko mchemraba, b ni ndogo kuliko a, basi 2a − b ni chanya daima. Tundu la mraba linalopita wima kutoka uso hadi uso haliwezi kupunguza eneo, hata liwe dogo au kubwa kiasi gani.

Kanuni hii ina sura nyingine ambayo naipenda zaidi, maana inaonyesha mambo ambayo ya kwanza inayaficha:

```
S = 8a² − 2(a − b)²
```

Fungua mabano uone kwamba ni kitu kile kile. Kwa mchemraba wako, 8 × 36 = 288, na a − b = 4, mraba wake ni 16, mara mbili ni 32. Hivyo 288 − 32 = 256. Sasa kuza tundu bila kubadilisha mchemraba. Tundu la sentimita 3 linatoa 270, la 4 linatoa 280, la 5 linatoa 286. Eneo linazidi kukua, lakini kwa hatua fupi na fupi zaidi, likielekea 288 bila kuifikia. Sababu inaonekana kwa macho: tundu likikaribia kuujaza mchemraba, kinachobaki ni mbao nne nyembamba kama karatasi, kila moja ya 6 × 6, zenye pande mbili za kupakwa rangi. Pande nane za 36 ni 288. Ila usiingize b = 6 kwenye kanuni ukaamini jibu. Hapo hakuna mbao iliyobaki, na eneo ni sifuri.

Sura hii ya pili pia ndiyo njia fupi pale swali linapogeuzwa, ukapewa eneo ukatakiwa kutafuta tundu. Tuseme mchemraba una ukingo wa sentimita 10 na eneo baada ya kutoboa ni sentimita za mraba 702. Basi 8a² ni 800. Toa 702, zinabaki 98, ambazo ni 2(10 − b)². Gawa kwa 2 upate 49, kipeuo chake cha pili ni 7, kwa hiyo 10 − b = 7 na b = 3. Kipeuo hasi kingetoa b = 17, tundu kubwa kuliko mchemraba wenyewe, kwa hiyo kinaachwa. Hakikisha kwa kanuni ya kwanza: 600 − 18 + 120 = 702.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako. Tundu kuwa katikati hakubadilishi jibu. Tazama kanuni: hakuna herufi inayosema tundu liko wapi. Lisogeze sentimita moja kuelekea uso wa pembeni, midomo inabaki ya 4 na kuta zinabaki za 2 × 6. Lizungushe nyuzi 45 lisimame kwa kona yake, bado mambo ni yale yale. Kona za mdomo wa sentimita 2 ziko umbali wa kama sentimita 1.41 kutoka katikati, na ukingo wa uso uko sentimita 3 kutoka katikati, hivyo nafasi ipo ya kutosha.

Mambo mawili lazima yashike. La kwanza, tundu liende sambamba na kingo za mchemraba. Likienda mshazari, midomo inarefuka, kuta zinarefuka, na kanuni haifai tena. La pili, mbao ibaki pande zote za tundu. Ukilisogeza tundu lako sentimita 2 kamili, linagusa uso wa pembeni na kuufungua, na sasa si tundu tena, ni mfereji. Ukuta mmoja wa ndani wenye 12 haupo, na uso wa pembeni umepoteza mstatili wa 12. Eneo linashuka kutoka 256 hadi 232. Neno "katikati" kwenye swali lina kazi hiyo tu: kukuhakikishia kwamba tundu halijagusa pembeni. Halina namba ya kuingizwa kwenye hesabu.

Angalia pia maneno ya swali kuhusu mahali mchemraba ulipo. Kama limesema "eneo lililo wazi" na mchemraba umelazwa juu ya meza, uso unaogusa meza hauhesabiki, na jibu linategemea ni uso upi. Ukiulaza kwa uso wenye mdomo, meza inaficha fremu ya 32, si 36, kwa sababu mahali pa mdomo hapakuwa na mbao. Eneo lililo wazi linakuwa 224. Hii si ile 224 ya kosa tuliyoiona juu. Zimegongana kwa namba tu. Ukiulaza kwa uso usio na tundu, meza inaficha 36 nzima, na jibu ni 220. Kama swali halikutaja meza, usiiweke.

Nimalizie na pale ambapo kanuni hii huwapotosha hata wanaoijua vizuri, maana swali la pili kwenye mazoezi ya aina hii mara nyingi ndilo hili: mchemraba ule ule, lakini matundu matatu ya sentimita 2, kila moja likipita katikati ya jozi moja ya nyuso zinazotazamana. Mtu anasema tundu moja liliongeza 40, matatu yataongeza 120, jibu 336. Sivyo. Matundu matatu yanakutana katikati ya mchemraba, na pale yanapokutana kuna chumba kitupu cha 2 × 2 × 2 kisicho na ukuta wowote. Kila tundu limepoteza sentimita 2 za katikati za kuta zake nne, yaani 4 × 4 = 16, na kwa matatu ni 48. Hivyo 336 − 48 = 288.

Hakiki kwa kuhesabu vipande. Nje kuna fremu sita za 32, jumla 192. Ndani, kila uso una njia fupi ya sentimita 2 inayoelekea kwenye chumba cha katikati, kwa sababu ukingo wa 6 ukitoa chumba cha 2 unabakiza 4, nusu kila upande. Njia hizo ni sita, kila moja ina kuta nne za 2 × 2, jumla 6 × 16 = 96. Na 192 + 96 = 288. Imetokea kuwa namba ile ile ya ukomo wa tundu moja kubwa, lakini ni kwa sababu tu tundu hapa ni theluthi ya ukingo. Fanya tundu kuwa la sentimita 3 na matundu matatu yatatoa 270: fremu sita za 27 ni 162, na njia sita zenye urefu wa sentimita 1.5 zinatoa 6 × 4 × 3 × 1.5 = 108.